Sura ya Kumi na Moja Haimo

"Yule mama wa maktaba analala na kitabu," jirani yangu aliniambia siku moja tukianika nguo. "Tena si kulala nacho tu. Amekifunga kwenye taulo, kama mtoto mchanga. Nimekiona kwa macho yangu haya mawili."

Jirani huyo sote tunamwita Redio, kwa kuwa habari zake hazikatiki hata umeme ukikatika. Alikuwa amekwenda kuazima pasi kwa Mama Kimya, ndiye huyo mama wa maktaba, na pasi ikamchelewesha mlangoni, macho yakaingia ndani kabla yake.

"Kitabu gani?" nikamuuliza.

"Ningejuaje? Kikubwa, kama tofali. Alipoona ninakitazama akavuta mto akakifunika. Mwenzangu, mtu mzima hafuniki kitu kwa mto bure. Ama amekiiba chuoni, ama ni kitabu cha mambo mengine." Alishusha sauti alipofika kwenye mambo mengine, ingawa uani tulikuwa sisi wawili na nguo zetu.

"Labda anakisoma."

"Anakisoma! Kitabu kwenye taulo! Wewe nawe, ukiambiwa mbuzi ametaga utauliza mayai mangapi."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinibakia kichwani kama vumbi la chaki. Mama Kimya si mtu wa kuiba. Nimefanya naye kazi mwaka mzima na sijamwona akichukua hata kibanio cha karatasi. Kalamu ya maktaba akiisahau kwenye nywele, hugeukia njiani akairudisha, na kesho anaanza siku kwa kuomba radhi, sijui anaiomba kalamu au meza.

Yeye ndiye aliyenipatia kazi. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, mume wangu kila siku yuko safarini na lori, na mimi elimu yangu ni darasa la saba. Akaniambia, "Mwanangu, sakafu ya maktaba haiulizi cheti." Basi nikaanza kusafisha kwenye maktaba ya chuo cha uuguzi na ukunga, dakika kumi kwa miguu kutoka tunapokaa. Baada ya miezi miwili akaanza kunifundisha kazi nyingine ndogondogo. Kubandika namba mgongoni mwa kitabu. Kushona kurasa zilizolegea kwa sindano na uzi mnene. Na kufuta. Wanafunzi wanaandika kwenye vitabu kama ukuta wa choo, na droo yake ya kwanza imejaa vifutio vya kila aina, vingine vimeisha hadi vimekuwa kama punje ya dengu. "Kitabu si daftari lako," huwaambia. "Aliye nyuma yako naye ana akili zake, mwachie nafasi." Hapazi sauti. Jina lake la Kimya linatoka hapo.

Ana miaka ishirini na sita katika maktaba ile. Aliingia kama mchapaji wa kadi, enzi kila kitabu kilipokuwa na kadi yake kwenye droo ya mbao. Kompyuta zilipokuja, wenzake wawili wa rika lake waliacha kazi. Yeye alijifunza akiwa na umri wa kuitwa bibi. Lakini jambo moja limemshinda: hawezi kusoma barua ya kompyuta bila kutoa sauti. Mtu anayenyamazisha watu mwaka mzima, asubuhi kabla wanafunzi hawajaja, anaisomea kompyuta imeli zake kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, huku kidole kinafuata mistari. Mimi nikipiga deki huwa nazisikia zote, za wakuu na za wachuuzi wa rafu.

Alikuwa na binti mmoja. Huyo nilimjua kwa picha tu, ipo ukutani kwake juu ya kitanda: msichana mwenye meno yaliyopishana kidogo, ameshika chaki. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alifariki siku ya kujifungua, miaka miwili na ushei iliyopita, kabla sisi hatujahamia pale. Kichanga kilimfuata mama yake siku ya pili. Hayo niliambiwa na Redio, na kwa mara moja tu Redio aliyasema bila kuongeza chumvi. Mama Kimya mwenyewe hakuwahi kuniambia neno.

Lakini siku yangu ilipofika ni yeye aliyenipeleka hospitali. Nilijifungua salama, binti, asubuhi na mapema. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe yake ndiyo ilikuwa imeanza. Alisimama kwenye korido saa nzima, na kila nesi aliyepita alimshika mkono. "Mmemwangalia? Hebu mfunue tena, umwangalie." Akaja mwenyewe, akafunua shuka, akatazama kitambaa nilicholalia, akatazama saa yake, akaondoka. Baada ya muda mfupi akarudi, akatazama tena.

"Bibi, wewe ni daktari?" nesi mmoja alimuuliza, uvumilivu umemwisha.

"Hapana. Mimi ni wa maktaba."

"Basi tulia kama ulivyozoea huko maktaba."

"Nitatulia ukimwangalia," akasema, wala hakusogea.

Mimi niliona haya. Nilijifunika uso nikajifanya nimelala. Na jambo la pili niliona la ajabu zaidi. Mwanangu alipozungushwa mikononi mwa watu, kila mtu akimpakata na kumtafutia anafanana na nani, Mama Kimya alimtazama kwa mbali, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na jambo, akaenda zake. Alimnunulia mashuka mawili za kitanda kidogo. Alimshonea kofia. Lakini hakumshika, siku ile wala siku nyingine. Sasa mtoto ana miezi saba, namfunga mgongoni kila siku tukienda kazini, anamchekea Mama Kimya hadi ute unamtiririka, na yeye anamjibu kwa kidole kimoja tu, anamgusa kisigino. Nilifikiri labda ni mtu asiyependa watoto. Wapo.

Sasa niingie kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa.

Nilikuwa chini ya meza ndefu nikitoa maganda ya njugu ambayo hakuna mtu aliyewahi kukiri kuyala. Mtoto alikuwa mgongoni amelala. Mama Kimya aliwasha kompyuta, akavaa miwani, akaanza.

"Kuhusu: Ombi la sura iliyokosekana," akasoma. "Habari za kazi, Mkutubi. Mimi ni mwanafunzi wa ukunga, mwaka wa pili. Niko kwenye mafunzo ya vitendo hospitali ya wilaya, wiki ya tatu sasa. Katika slaidi za mhadhara wa sita, slaidi ya ishirini na mbili, mwalimu ameandika: kwa hatua zote soma sura ya kumi na moja, ukurasa wa 233 hadi 251. Nimefungua furushi la masomo kwenye tovuti ya chuo. Sura ya kumi imo. Ya kumi na mbili imo. Ya kumi na moja haimo. Nimelipakua mara mbili, nikidhani kasoro ni ya simu yangu."

Hapo akakohoa. Akaendelea, lakini sauti ilishuka, nikaacha maganda ili nisikie.

"Naomba, kama inawezekana, nitumiwe sura hiyo, maana huku hakuna kitabu. Jumatatu naingia zamu ya chumba cha kuzalia. Wiki iliyopita mama mmoja alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nesi akaniuliza, hatua inayofuata ni ipi? Nilikuwa na mistari mitano ya kwenye slaidi, na ya tatu nilikuwa nimeisahau. Yule mama alipona, lakini si kwa sababu yangu. Samahani kwa usumbufu. Nimempa mwalimu nakala."

Alivua miwani akaifuta na ncha ya blauzi. Akaivaa. Akaivua tena.

Niseme kidogo hilo furushi la masomo ni kitu gani, maana na mimi sikulijua. Kabla muhula haujaanza, mwalimu huleta maktaba orodha ya sura anazotaka wanafunzi wasome. Mama Kimya huzitoa vitabuni kwa skana, anaziunganisha ziwe kitu kimoja, halafu anazipakia kwenye tovuti, ili hata aliye mbali asome kwa simu yake. Slaidi mwalimu hupakia mwenyewe. Na kwa kila kitabu kuna kipimo: maktaba yetu hairuhusiwi kutoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kurasa zake, kwa sababu kitabu kina mwenyewe aliyekitolea jasho. Kwa hiyo kila kitabu kina kikaratasi chake cha njano, jumla ya kurasa, sura zilizoombwa, kurasa ngapi kila moja, na alama ya vema kwa ile iliyokwisha kutolewa. Vikaratasi hivyo mimi ndiye ninayevipanga kwenye boksi.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mwalimu wa ukunga, mwanamke mmoja mwenye sauti ya kuitia gari, hata ukiwa chini ya meza unamsikia.

"Dada, shikamoo. Umeona imeli ya mtoto wetu?"

"Marahaba. Nimeiona."

"Mbona aibu! Miaka miwili slaidi zinasema someni, na sura yenyewe haipo, na hakuna mtoto aliyeuliza! Maana yake hawasomi hawa, wanakariri slaidi tu. Huyu mmoja ndiye aliyefungua. Sasa niambie, ni mimi niliyesahau kuiandika kwenye orodha? Kichwa changu siku hizi ni ungo."

Mama Kimya aligeuza kichwa. Nilimwona anatazama boksi la vikaratasi vya njano.

"Labda," akasema.

"Basi ni mimi. Niombee radhi kwake. Lakini msaidie, dada yangu, Jumatatu si mbali."

Akakata simu. Mimi nikatoka chini ya meza na kiganja cha maganda, nikasimama. Sikujua niende pipani au nibaki.

Alianza kuandika jibu. Na hilo nalo alilitamka, neno kwa neno, kidole kimoja kikidonoa herufi. "Ndugu mwanafunzi. Maktaba imepokea ombi lako. Kwa bahati mbaya kanuni ya hakimiliki inaturuhusu kutoa sehemu moja ya kumi tu ya kitabu. Sura mbili za kitabu hiki zimekwisha kutolewa, na hivyo nafasi imejaa. Tunakushauri usome kitabu chenyewe utakaporejea chuoni."

Sentensi ile niliijua. Nimemsikia akiwajibu nayo watu kumi, na kwa wote kumi ilikuwa kweli. Ni sentensi ambayo hakuna anayebishana nayo. Wanafunzi wakiisikia husema asante, wanaondoka.

Sasa mimi sijui kwa nini nilifungua boksi. Labda ni yule mama aliyepona. Nililiona shuka la hospitali, nikajiona mimi mwenyewe nimelala nimejifunika uso. Nikatoa kikaratasi cha kitabu hicho. Kurasa zote 640. Chini yake, kwa mwandiko wake Mama Kimya: Sura ya 10, kurasa 22, vema. Sura ya 11, kurasa 19. Sura ya 12, kurasa 19, vema. Ile ya katikati haina alama. Kumbe mwalimu hakusahau. Aliiomba.

Hesabu ya darasa la nne.

"Mama," nikasema.

"Mm."

"Sehemu ya kumi ya mia sita na arobaini ni sitini na nne."

Kidole kikasimama juu ya herufi.

"Ishirini na mbili na kumi na tisa ni arobaini na moja," nikaendelea, na sauti yangu yenyewe niliichukia. "Ukiongeza kumi na tisa nyingine, ni sitini. Nafasi ipo, mama. Na zinabaki nne."

Hakugeuka. Nikajuta. Mtu amekupa kazi, amekufundisha kazi, nawe unamrudishia hesabu. Nilikuwa natafuta namna ya kukirudisha kikaratasi bila kutoa mchakacho.

"Darasa la saba," akasema mwishowe, na akacheka kidogo, kicheko cha puani kisicho na furaha. "Na mimi nina diploma."

"Nisamehe, mama."

"Usiombe radhi kwa hesabu sahihi." Akabonyeza, ile barua ikafutika kutoka mwisho kwenda mwanzo, herufi moja moja, na yeye anaitazama inavyokwenda. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo wa chumba chake akaniwekea mkononi.

"Kitabu kiko nyumbani. Kitandani, upande wa ukutani. Kilete."

Hakusema kiko kwenye taulo. Nami sikusema najua.

Nilikwenda mbio mbio, jua la saa tatu likinichoma utosi. Chumba chake kilikuwa kama meza yake ya kazini, kila kitu na mahali pake. Kitanda kimetandikwa, nusu moja ina mto, na nusu nyingine ina taulo la manjano la kitoto, lenye kofia pembeni, lile la kumpokelea mtoto anapotoka kuoga. Jipya. Hata mkunjo wa dukani bado ulikuwa umebaki. Kitabu kilikuwa ndani yake.

Sikukifungua mimi. Niape? Nilikinyanyua tu, taulo likateleza, na kitabu kikafunguka chenyewe kwenye ukurasa wake, kama mlango uliozoea mtu. Mgongo ulikuwa umevunjika pale pale. Ukurasa wa 233. Sura ya Kumi na Moja: Kutokwa na Damu Nyingi Baada ya Kujifungua.

Nikasoma, polepole, kama ninavyosoma mimi, nikigeuza kurasa moja baada ya nyingine. Maneno mengi makubwa yalinipita. Lakini mengine yalikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu yeyote. Kwamba tumbo la uzazi lisuguliwe mpaka lijikaze. Kwamba dawa ya kulikaza itolewe bila kungoja. Kwamba mama akikojoa inasaidia. Kwamba kitambaa kimoja kikiloa chote ndani ya dakika tano, hiyo ni hatari, ita msaada. Na kwamba mama mwenyewe akisema kitu, asikilizwe.

Mstari huo wa mwisho ulikuwa umepigiwa mstari. Na pembeni, kwa kalamu ya risasi, mwandiko ule ule wa vikaratasi vya njano, mdogo, ulionyooka:

Aliniambia, mama nimelowa. Nikamwambia, vumilia mwanangu, ndivyo ilivyo.

Nilikaa kwenye kile kitanda, bila ruhusa. Mwanamke anayefuta kalamu ya risasi kwenye vitabu vya chuo miaka ishirini na sita. Nikaikumbuka korido, shuka linafunuliwa, saa ya mkononi inatazamwa, mimi naona haya. Alikuwa anapima dakika tano. Alinipimia mimi.

Nilikifunga tena kwenye taulo, kwa sababu sikuona namna nyingine ya kukibeba. Mtoto mgongoni, kitabu kifuani. Na nani yuko uani? Redio, na ndoo yake.

"Ehee!" akasema. "Leo kimetoka! Kinapelekwa kliniki kupimwa uzito?"

Siku nyingine ningemjibu. Ananijua, mimi nikianza huwa sishindwi. Lakini machozi yalikuwa yamekwisha kunitangulia. Redio akaweka ndoo chini. Akaangalia lile taulo, akaangalia uso wangu, akaangalia mlango wa Mama Kimya ulio wazi nyuma yangu, na nadhani hapo ndipo alipoona rangi ya taulo na kofia yake pembeni.

"Nenda, mwenzangu," akasema taratibu. "Mlango nitaufunga mimi. Wala sijaona kitu."

Nilimwachia ufunguo. Kwa Redio kusema hajaona kitu, nadhani hata mbingu zilishangaa.

Nilipofika, Mama Kimya alikuwa amekwisha kumjibu yule mwanafunzi. Aliniacha niisome barua kwenye kioo, mwenyewe amekwenda kusimama dirishani. Ilikuwa fupi. "Ndugu mwanafunzi, uko sahihi, na simu yako haina kasoro. Sura ya kumi na moja iliombwa na mwalimu wako tangu mwanzo, nami sikuitoa. Kosa ni langu, si lake. Utaipata leo kabla ya saa sita, na wenzako wote wataipata kwenye furushi. Asante kwa kuuliza." Nakala kwa mwalimu.

"Umesoma?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nimesoma."

"Na huko nyumbani, umesoma?"

Sikuweza kumdanganya. "Nimesoma, mama."

Akatikisa kichwa, kama vile alivyomtikisia mwanangu siku ya kwanza.

"Nilikichukua baada ya maziko," akasema. "Nilitaka kujua. Watu walikuwa wananiambia ni mipango, ni siku yake, na mimi kazi yangu ni kutafuta mahali jambo lilipoandikwa. Nikatafuta. Nikalipata, ukurasa wa mia mbili thelathini na nane. Nesi alikuwa mmoja, vitanda tisa. Nilikuwa nimekaa naye mimi. Aliniambia mara mbili." Akafuta vumbi la dirisha kwa kidole. "Mwalimu alipoleta orodha nilitoa sura ya kumi. Nikafika kwenye hii, mkono ukagoma. Nikasema nitairudia kesho. Mwaka ukaisha. Mwaka wa pili nilinakili tu furushi la mwaka uliopita. Nikasema, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa naomba asitokee wa kuuliza. Unaelewa? Kuna wasichana wamekwisha kwenda wodini na mistari mitano."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Neno lilikuwa ulimini. Lakini nikaona ni kama lile lingine, la vumilia, neno la kumnyamazisha mtu anayesema amelowa. Nikalimeza. Nikamwambia, "Naelewa, mama."

Skana iko chumba cha nyuma, penye harufu ya gundi. Ni ya kioo cha kulalia, unafungua kitabu, unakilaza kifudifudi, unabonyeza, taa inapita chini kama mtu anayechungulia kwa tochi, halafu unageuza. Kurasa kumi na tisa ni mapito kumi. Alikitoa kitabu kwenye taulo, akalikunja taulo mara nne, akaliweka kando. Akapanga ukurasa wa kwanza. Taa ikapita. Akageuza. Taa ikapita. Akageuza tena, taa ikapita. Pito la nne ndilo lenye maandishi yale.

Akatoa kifutio mfukoni. Nilijua angekitoa. Alikiweka juu ya neno la kwanza, na kifutio kikabaki pale pale bila kusogea. Halafu akakiweka juu ya skana.

"Wacha wasome," akasema, sijui kama alikuwa ananiambia mimi. "Kila mwaka nawafutia. Hili moja liwafikie."

Akakigeuza kitabu akilaze kwenye kioo, lakini mikono ilikuwa imekataa kabisa. Kitabu kiligonga ukingo, kikateleza, kurasa zikajikunja. Alijaribu tena. Mtoto mgongoni akaamshwa na kishindo, akaanza kulia, nami nikawa namtikisatikisa, sijui nimbembeleze yeye kwanza au nishike kitabu.

Mama Kimya akaacha. Alimtazama mwanangu kwa muda mrefu, si kwa mbali sasa, na si kisigino. Saa ukutani ilikuwa saa nne na nusu. Akajifuta viganja kwenye sketi, cha kulia kisha cha kushoto, kama mtu aliyetoka kushika udongo, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "wewe geuza kurasa. Mimi nipe huyo mtoto nimshike."